Ng'ombe Wanapohesabiwa Kuwa Umaskini

Ukifungua ripoti ya utafiti wa demografia na afya, iwe ya Tanzania au ya Kenya, utakuta majedwali mengi yamewapanga watu katika makundi matano, kuanzia maskini kabisa hadi tajiri kabisa. Chanjo za watoto, kujifungulia kituo cha afya, vyandarua, vyote vimepangwa hivyo. Lakini kipimo hicho cha utajiri hakitokani na mishahara wala matumizi ya pesa. Wadadisi waliopita nyumba kwa nyumba waliuliza kama kuna umeme, sakafu ni ya nini, choo ni cha aina gani, kama kuna redio, televisheni, baiskeli, ng'ombe. Orodha hiyo ya vitu ndiyo iliyogeuzwa kuwa namba moja kwa kila kaya, kisha kaya zikapangwa kwa namba hiyo.

Njia iliyotumika ni uchanganuzi wa vijenzi vikuu. Karl Pearson aliiandikia mwaka 1901, na Harold Hotelling akaipa sura tunayoijua leo mwaka 1933. Kuitumia kupima utajiri wa kaya kulipata nguvu mwaka 2001, pale Deon Filmer na Lant Pritchett walipochapisha makala yao iliyotumia takwimu za kaya za India. Swali lao lilikuwa la kawaida kabisa: baiskeli ipewe alama ngapi, na choo cha kuvuta maji alama ngapi? Ukikaa mezani na kujipangia mwenyewe, kila mtu atapanga lake. Wao waliamua takwimu zenyewe ndizo zipange.

Tuanze na mtawanyiko, maana njia hii haijui kitu kingine. Chukua kijiji ambacho kila kaya ina jembe. Jembe lina kazi kubwa, lakini ukitaka kuzitofautisha kaya halikusaidii lolote, kwa sababu jibu ni "ndiyo" kila mlango. Mtawanyiko wake ni sifuri. Kitu ambacho hakuna mwenye nacho kina hali hiyo hiyo. Kwa maswali ya ndiyo au hapana, mtawanyiko hupatikana kwa kuzidisha sehemu ya walio nacho kwa sehemu ya wasio nacho, na huwa mkubwa kabisa kaya zikigawanyika nusu kwa nusu. Kwa hiyo kinachoingia kwenye hesabu ni zile tofauti kati ya kaya na kaya.

Kwa kawaida kila kitu husawazishwa kwanza: unatoa wastani wake, kisha unagawa kwa mkengeuko sanifu, ili kila kimoja kiwe na mtawanyiko wa 1. Ukiruka hatua hii, ukachanganya ekari za shamba na mapato ya mwezi kwa shilingi, shilingi zitameza kila kitu kwa sababu tu namba zake ni kubwa.

Sasa tufanye hesabu yenyewe kwa mfano wa kubuni wenye vitu vinne: umeme, sakafu ya saruji, televisheni na ng'ombe. Tuseme kila kimoja kinapatikana katika asilimia 40 ya kaya. Baada ya kusawazisha, aliye nacho anapata 1.22 na asiye nacho anapata −0.82. Tuseme pia kwamba vitatu vya kwanza vinapenda kufuatana, kipimo cha uhusiano kati ya kimoja na kingine kikiwa 0.6, na kwamba ng'ombe wanakwenda kinyume navyo, uhusiano wao na kila kimoja ukiwa −0.3. Si jambo la kushangaza. Nyaya za umeme zimefika zaidi mjini, na ng'ombe wanalala zaidi shamba.

Tunatafuta uzito wa kila kitu ili, tukijumlisha, alama za kaya zitawanyike kadiri inavyowezekana. Anza bila upendeleo: kila kitu uzito 1. Kisha urekebishe uzito wa kila kitu kwa kanuni moja: jumlisha uhusiano wake na kila kitu, huku kila uhusiano ukizidishwa kwa uzito wa hicho kitu kingine. Uhusiano wa kitu na chenyewe ni 1. Umeme unapata 1 + 0.6 + 0.6 − 0.3, yaani 1.9, na sakafu na televisheni vivyo hivyo. Ng'ombe wanapata 1 − 0.3 − 0.3 − 0.3, yaani 0.1. Rudia kwa uzito huo mpya. Safari hii umeme unafika 4.15, na ng'ombe wanaporomoka hadi −1.61.

Endelea kurudia na utaona jambo zuri. Namba zinazidi kukua, lakini uwiano kati yake unatulia. Hatimaye mzunguko mmoja zaidi unazidisha uzito wote kwa namba ile ile, karibu 2.39, bila kuubadilisha mpangilio. Mpangilio huo wa uzito usiogeuzwa na jedwali la uhusiano, bali unarefushwa tu, ndio vekta aigeni. Namba inayourefusha, 2.39, ndiyo thamani aigeni yake, nayo ni sawasawa na mtawanyiko wa alama utakazopata ukiutumia. Kwa desturi uzito hupunguzwa ili jumla ya miraba yake iwe 1, na hapo tunapata 0.54 kwa umeme, 0.54 kwa sakafu, 0.54 kwa televisheni, na −0.35 kwa ng'ombe. Hicho ndicho kijenzi kikuu cha kwanza.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasimame kidogo. Hakuna aliyeambia hesabu hii neno "utajiri". Imetafuta tu mwelekeo ambao kaya zinapishana zaidi, nao katika mfano wetu ni mwelekeo wa kutoka shamba kwenda mjini. Sisi ndio tuliobandika jina la utajiri juu yake.

Angalia matokeo kwa kaya tatu. Ya kwanza ina umeme, sakafu na televisheni, haina ng'ombe: inapata 2.27. Ya pili haina chochote kati ya vyote vinne: inapata −1.04. Ya tatu ina ng'ombe tu: inapata −1.75. Mfugaji mwenye zizi lililojaa amewekwa chini ya mtu asiye na kitu. Kompyuta haijakosea popote. Imefanya kile ilichoagizwa.

Jambo jingine la kuangaliwa ni alama za kujumlisha na kutoa. Uzito wote ukigeuzwa alama zake, vekta aigeni inabaki halali vile vile, na programu moja inaweza kukupa sura hii na nyingine ile. Mchambuzi asiyechungulia uzito anaweza kuwaita matajiri maskini katika ripoti nzima.

Jedwali la vitu vinne lina vekta aigeni nne, kila moja ikiwa imesimama wima dhidi ya nyingine, maana yake alama zake hazirudii kile ambacho zile nyingine zimeshasema. Thamani zake hapa ni 2.39, 0.81, 0.40 na 0.40. Jumla ni 4, mtawanyiko wote wa vitu vinne vilivyosawazishwa. Kijenzi cha kwanza kimebeba karibu asilimia 60, cha pili asilimia 20. Na hicho cha pili kina uzito wa 0.94 kwa ng'ombe, na 0.20 tu kwa kila kimoja cha vile vingine. Katika kipimo hicho kaya ya ng'ombe inapata 0.65 na ile isiyo na kitu inapata −1.26. Kumbe ng'ombe hawakupotea. Wamesukumwa kwenye kijenzi cha pili, na hatima yao inategemea kama tutakibakiza au tutakitupa.

Ubakize vijenzi vingapi, basi? Kanuni inayotumika sana ni ya Henry Kaiser ya mwaka 1960: bakiza chenye thamani aigeni inayozidi 1, kwa hoja kwamba kijenzi kisichofikia mtawanyiko wa kitu kimoja hakina faida. Kwa kanuni hiyo ng'ombe wanaondoka. Ian Jolliffe aliona mwaka 1972 kwamba mpaka huo ni mkali mno, akapendekeza 0.7, kwake ng'ombe wanabaki. Raymond Cattell mwaka 1966 alipendekeza kuchora thamani hizo kwa mfuatano na kutafuta mahali mchoro unapopinda kama kiwiko. Hapa wawili wakitazama mchoro mmoja wanaweza kubishana hadi jioni, maana unashuka ghafla baada ya ya kwanza, kisha unashuka tena kidogo baada ya ya pili. Wengine husema bakiza hadi ufikishe asilimia 80 ya mtawanyiko. Viwili vinafika hapo barabara.

Kwa maoni yangu iliyo makini zaidi ni ya John Horn ya mwaka 1965. Unatengeneza takwimu za kubahatisha zenye ukubwa sawa na zako, lakini ambazo vitu vyake havihusiani, unakokotoa thamani aigeni zake mara nyingi, na unabakiza tu vijenzi vinavyozizidi. Kwa sampuli ya maelfu ya kaya, takwimu za kubahatisha zitatoa thamani zilizo karibu sana na 1, kwa hiyo 0.81 haipiti. Hata hivyo sisi tumeona kwamba kijenzi hicho kina maana. Kipimo cha Horn kinauliza kama vitu kadhaa vinakwenda pamoja kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati. Ng'ombe katika mfano wetu wako peke yao, hawana mwenzao kwenye orodha. Kama wadadisi wangeuliza pia mbuzi, kondoo na punda, wanyama hao wangeungana na kijenzi chao kingeweza kuvuka 1 bila taabu. Idadi ya vijenzi huanza kuamuliwa siku dodoso linapoandikwa.

Waundaji wa kipimo cha utajiri cha tafiti hizi walibanwa na jambo jingine: walihitaji namba moja ya kupangia kaya, na mtu hawezi kupanga foleni moja kwa namba mbili. Kwa hiyo kijenzi cha kwanza pekee ndicho kilichotumika, hata pale kilipobeba sehemu ndogo ya mtawanyiko, jambo la kawaida maswali yanapokuwa mengi. Lawama kwamba kipimo kinapendelea mjini zilizidi, na mwaka 2008 Shea Rutstein akaeleza njia ya kuirekebisha. Kijenzi cha kwanza kinakokotolewa mara tatu: kwa vitu vinavyofaa kote, kwa kaya za mjini peke yake, na kwa kaya za vijijini peke yake. Kisha vipimo vya mjini na vijijini vinaoanishwa na kile cha pamoja ili kaya zote zipangwe kwenye mstari mmoja.

Faida yake ni hii: ukizitazama kaya za vijijini tu, tofauti ya mji na shamba imeshatoka kwenye hesabu. Pale ambapo wenye ng'ombe ndio pia wenye bati na baiskeli, uhusiano unageuka kuwa chanya na ng'ombe wanapata uzito wa kujumlisha. Pale ambapo wafugaji na wakulima wanaishi wilaya moja lakini kila upande unaweka akiba yake kivyake, mvutano ule ule unaweza kurudi ndani ya kijiji, na ndiyo maana mchambuzi wa takwimu za Manyara au Turkana hufungua jedwali la uzito kabla hajafungua la matokeo.