Watoto Tisa Wako Wapi?

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoandikisha watoto wachanga 340 Bagamoyo. Ripoti ya jaribio la namna hiyo hukaguliwa kwa orodha ya CONSORT. Utafiti wa kuangalia tu, usiogawa tiba, hukaguliwa kwa STROBE.

Kabla ya kutuma mswada, mwandishi huhesabu upya washiriki. Chukulia mfano wa kubuni: kundi la chanjo lilipangiwa watoto 100, lakini jedwali la matokeo lina 91. Mswada hauna budi kueleza: watano walihama, watatu waliondolewa na wazazi, mmoja alifariki. Bila sababu hizo, msomaji hajui iwapo waliotoweka ndio waliodhurika. Hata hivyo, orodha hufichua pengo la maelezo. Haitibu utafiti uliopangwa vibaya.