Kwa Nini Kiatu Chako Kinaelea

Viatu vingi vinavyouzwa kwa picha mitandaoni havijakanyaga chini. Vimekatwa vizuri kutoka kwenye karatasi nyeupe ya studio, vikabandikwa juu ya picha ya sakafu, kisha chini yake ukapakwa ukungu mweusi wa duara. Mtazamaji pengine hatajua kasoro iko wapi, ila jicho lake linakataa. Kasoro ni kwamba ukungu ule mmoja umebebeshwa kazi ya vivuli viwili.

Cha kwanza ni kivuli cha mguso, ule mstari mwembamba wenye giza zito pale soli inapokutana na sakafu. Hapo mwanga hauna upenyo wa kuingilia. Cha pili ni kivuli cha sakafuni, kipana na laini, kinachotandaa kuelekea upande usio na mwanga. Ulaini huo unatokana na upana wa chanzo cha mwanga. Dirisha ni pana, kwa hiyo kuna eneo la sakafu ambalo kiatu hulifichia sehemu tu ya dirisha, na eneo hilo huwa si giza wala si mwanga kamili. Kadiri sehemu ya kiatu inavyoinuka kutoka sakafuni, ndivyo ukingo wa kivuli chake unavyozidi kufifia.

Tuchukue kiatu cha ngozi cha kahawia kilichopigwa picha ubavuni, ncha ikielekea kulia, tukiweke juu ya sakafu ya saruji inayopata mwanga wa dirisha kutoka kushoto. Picha ina upana wa pikseli 2000. Kabla ya kushika brashi, kichunguze kiatu: kinakanyaga kwa kisigino na kwa ile sehemu pana ya mbele tu. Katikati soli imeinuka, na ncha nayo imepinda juu kidogo. Kivuli cha mguso basi ni vipande viwili, wala si mstari mmoja kutoka nyuma hadi mbele.

Katika Photoshop, fungua leya mbili kati ya kiatu na sakafu, zote ukiziweka kwenye `Multiply`. Usitumie nyeusi tupu. Chota rangi kwenye kivuli kilichopo tayari sakafuni, kwa mfano chini ya mguu wa kiti. Saruji mara nyingi itakupa kijivu kilichokolea chenye dalili ya rangi nyingine. Kwa mguso, chukua brashi laini ya pikseli 12 hivi, `Flow` asilimia 10, upite mara kadhaa chini ya kisigino na chini ya sehemu ya mbele, nusu ya brashi ikifichwa na soli. Maliza kwa `Gaussian Blur` ya pikseli 2 au 3. Chini ya ncha paka hafifu zaidi na kwa brashi pana zaidi, kwa kuwa pale kuna hewa.

Kivuli cha sakafuni kichore kwa umbo bapa linaloelekea kulia, ulijaze rangi ileile, ulilainishe kwa pikseli 15. Linakili, nakala uilainishe kwa pikseli 50. Kisha tumia maski: lile kali zaidi libaki karibu na soli, lile laini lichukue nafasi kadiri unavyokwenda mbali. Anza na `Opacity` ya asilimia 35, halafu ulinganishe na kivuli cha kiti. Kama cha kiti kina kingo kali za jua, kulainisha chako ni uongo utakaoonekana.

Kuna kasoro moja ambayo hata mafundi wazuri huipita. Karatasi nyeupe ya studio hurudisha mwanga juu, hivyo ukingo wa chini wa soli hung'aa. Paka kivuli kizuri vipi, mstari ule mweupe utakinyanyua kiatu tena. Weka leya iliyobanwa juu ya kiatu chenyewe, uitie giza sehemu hiyo ya chini. Na kivuli laini kikionyesha michirizi ya ngazi ngazi, ongeza chembechembe kwa `Add Noise`, asilimia 1 au 2.

Ukaguzi wangu ni kukificha kiatu kwa muda. Vivuli vikibaki peke yake, mtu aweze kuonyesha kisigino kilikuwa wapi. Akishindwa, rudi kwenye mguso. Lakini kiatu kilichomulikwa studioni kutoka kulia hakiokolewi na kivuli chochote kwenye sakafu hii. Ukikigeuza, cha kushoto kinakuwa cha kulia na maandishi yanasomeka kinyume. Ni heri kukipiga picha upya.

Ukiwa na muda wa kivuli kimoja tu, paka cha mguso. Kiatu chenye mguso mzuri bila kivuli kipana kitaonekana kipo kwenye mwanga wa siku ya mawingu, ila chenye kivuli kipana bila mguso kitaendelea kuelea.