Saa za Wiki Hazijumlishwi kama Shilingi

Tuchukue mfano wa kibarua wa kupakia magunia katika ghala moja mjini Garsen. Jumatatu ameingia saa 1:15 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, akapumzika saa moja mchana. Kutoka 1:15 hadi 11:00 ni saa 9 na dakika 45. Ukitoa mapumziko, amefanya kazi saa 8 na dakika 45. Siku zote sita, daftari lake lasomeka hivi:

Jumatatu 8:45
Jumanne 9:20
Jumatano 8:50
Alhamisi 9:35
Ijumaa 7:40
Jumamosi 8:55

Karani akiingiza 8.45, 9.20 na nyinginezo kwenye kalkuleta ya simu, atapata 51.45, naye ataandika saa 51 na dakika 45. Jibu hilo si sahihi, ingawa kwa macho halina dosari. Kalkuleta hufunga mia, kama senti zinavyofunga shilingi, ilhali saa hufungwa na dakika 60. Kila mia moja iliyofungwa imemeza dakika 40 za mtu. Hapa zimefungwa mia mbili, basi zimepotea dakika 80.

Njia ya sawa ni kutenga. Jumlisha saa peke yake: 8+9+8+9+7+8 ni 49. Kisha dakika peke yake: 45+20+50+35+40+55 ni 245. Ndani ya 245 mna 60 mara nne, zinabaki 5. Ongeza zile saa 4 kwenye 49, upate saa 53 na dakika 5.

Tofauti hiyo ina pesa ndani yake. Kanuni za jumla za mishahara nchini Kenya zaweka wiki ya kawaida isiyozidi saa 52 kwa siku sita, na zinazozidi katika siku za kazi hulipwa mara moja na nusu. (Kazi za shamba na za ujenzi zina kanuni zake.) Kwa hesabu ya karani, kibarua huyu hajafika 52, hana ovataimu. Kwa hesabu ya kweli amezidisha saa 1 na dakika 5. Ikiwa saa moja yake ni shilingi 100, ya ziada ni 150. Dakika 65 zidisha kwa 150, gawa kwa 60: anadai shilingi 162 na senti 50.

Ukitaka kuhakikisha, geuza kila siku iwe dakika tupu. Jumatatu ni 8 mara 60, ongeza 45, yaani 525. Siku zote sita zafika 3,185. Gawa kwa 60, kalkuleta itaonyesha 53.083. Usiisome hiyo .083 kuwa dakika 8. Izidishe kwa 60, utapata 5.