Uhakiki wa Leseni za Fonti na Picha kabla ya Mteja Kulipa

Leseni hufungamana na matumizi, si na faili pekee. Tuchukue mfano wa kifungashio cha kahawa kinachosubiri malipo ya mteja. Msanifu huanza kwa kuorodhesha fonti zilizomo katika faili la PDF:

```
pdffonts kifungashio.pdf
```

Fonti yenye SIL Open Font License inaruhusiwa kutumika kibiashara. Yenye maneno "Personal Use Only" hairuhusiwi, hata kama ilipakuliwa bure. Hata hivyo, maandishi yaliyogeuzwa kuwa mchoro, kama yafanywavyo mara nyingi ya nembo, hayatokei katika orodha hiyo. Hivyo ni lazima faili asilia lifunguliwe.

Picha ni mtego mkubwa zaidi. Picha ya mkulima iliyowekewa alama "Editorial Use Only" hufaa kwa habari, wala haifai kwa kifungashio, kwa kuwa kwa kawaida hakuna idhini iliyosainiwa na mwenye sura hiyo ya kutumika katika biashara. Kuilipia hakuondoi kizuizi hicho. Hubadilishwa kabla ya ankara kutolewa, kwani baada ya uchapaji hasara huwa ya shehena nzima ya vifungashio.