Bei ya jirani na bei ya nyumba yako

Dalali alifika Temboni saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni, akasema shikamoo. Mama mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alishamwandalia chai na jibu. "Marahaba, mwanangu. Bei yangu ni milioni 220. Jirani yangu wa pale kona kauza kwa hiyo, na nyumba yangu haizidiwi na yake." Dalali alitoa karatasi mfukoni. Juu yake alikuwa ameandika milioni 178.

Mama huyo na nyumba yake ni wa mfano, na tarakimu zake zimewekwa ili kuonyesha njia ya hesabu. Mazungumzo yenyewe, hata hivyo, hufanyika kila wiki kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kibamba, na kwa kawaida huharibikia palepale kwenye bei ya jirani. Muuzaji huamini dalali anataka kuuza haraka ili ale kamisheni yake. Dalali naye hajui kueleza namba yake ilikotoka. Dalali wa Temboni alijua, na maelezo yake yanafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Alianza na swali dogo: "Mama, hiyo milioni 220 uliisikia kwa nani?" Mama aliisikia kwa jirani mwenyewe, siku nyumba ilipotangazwa. Hapo ndipo penye kosa la kwanza. Bei inayotangazwa ni ombi la muuzaji, na bei inayolinganishwa ni ile mnunuzi aliyoilipa. Dalali alikuwa amemtafuta mnunuzi wa nyumba ile, na pia mtu aliyeshuhudia mkataba. Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimtajia milioni 192. Nyumba ilikaa sokoni miezi 14 kabla ya kufika hapo.

Kupata bei halisi ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wapo wauzaji wanaotaja bei kubwa kwa majirani ili kulinda heshima, na wapo wanaoandika bei ndogo kwenye mkataba wakikwepa kodi. Kwa hiyo mkataba peke yake hautoshi, na maneno ya muuzaji peke yake hayatoshi. Dalali makini humuuliza mnunuzi, humuuliza dalali aliyesimamia mauzo, humuuliza shahidi, kisha huitumia bei ile tu ambayo angalau watu wawili wasiosikilizana wameitaja sawasawa.

Hata bei ya kweli inaweza isifae. Dalali alikuwa amekusanya mauzo sita ya mtaa ule na mitaa ya jirani, akayaacha matatu. La kwanza, baba alimuuzia mwanawe, na humo undugu ulishapunguza bei. La pili lilikuwa mnada wa benki, ambapo aliyefilisika hakuwa na nafasi ya kusubiri mteja mzuri. La tatu lilikuwa la mwaka 2015, kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza kutoka Kimara mwaka 2016, na kabla stendi kuu ya mabasi ya mikoani haijafunguliwa Mbezi Luis mwaka 2021. Barabara imepanuliwa, abiria wameongezeka, na wanunuzi wa leo si wale wa wakati ule. Bei ya 2015 ni habari ya mahali pengine, ingawa nyumba haijasogea.

Yakabaki mauzo matatu, yote ya ndani ya miezi minane.

Kabla ya kuyagusa, dalali aliieleza nyumba ya mama kwa maneno makavu: kiwanja cha mita za mraba 600 chenye hati, vyumba vitatu kimoja masta, marumaru chini, dari nzuri, ukuta umezunguka, kisima kimechimbwa, barabara ya kuingilia ni ya vumbi lakini gari linafika hata masika. Nyumba zote tatu zilizouzwa zilikuwa na vyumba vitatu na viwanja vya ukubwa ule ule. Hilo lilipunguza kazi, kwa sababu kila tofauti inayosahihishwa ni mlango wa kukosea.

Kisha akataja kanuni inayowachanganya wauzaji wengi. "Mama, nyumba yako siigusi. Ninayoisahihisha ni ile iliyouzwa, mpaka ifanane na yako." Kama iliyouzwa ilikuwa na kitu ambacho ya mama haina, thamani ya kitu hicho hutolewa kwenye bei yake. Kama ilikosa kitu ambacho ya mama inacho, thamani yake huongezwa. Swali ni lile lile kila mara: mnunuzi yule angelipa shilingi ngapi kama nyumba aliyoinunua ingekuwa hii?

Wakaanza na nyumba iliyo mtaa wa nyuma, iliyouzwa miezi mitatu iliyopita kwa milioni 150. Ilikuwa kama ya mama kwa kila kitu, hata kisima, isipokuwa jambo moja: haikuwa na hati. Mwenyewe alikuwa na mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa. Hati ina thamani gani? Dalali hakukisia. Alionyesha viwanja viwili vitupu vya mtaa mmoja, vyenye ukubwa sawa, vilivyouzwa kwa kupishana wiki chache. Chenye hati kilikwenda milioni 50, kisicho na hati milioni 34. Tofauti ni milioni 16. Sababu yake inaeleweka: kwa kawaida benki haimkopeshi mnunuzi kwa dhamana ya nyumba isiyo na hati, hivyo wanabaki zaidi wanunuzi wenye fedha taslimu. Milioni 150 ukiongeza 16 ni milioni 166.

Ikafuata nyumba ya jirani wa kona, ile ya milioni 192. Nyuma yake kuna vyumba vitatu vya kupangisha, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi. Dalali alihesabu miezi kumi ya kodi kwa mwaka, maana wapangaji huhama na chumba hukaa kitupu. Hiyo ni milioni 1.8. Akatoa laki mbili za matengenezo, ikabaki milioni 1.6. Wanunuzi aliowahudumia eneo lile hutaka fedha ya vyumba vya uani irudi ndani ya miaka kumi, kwa hiyo vyumba vile vilimgharimu mnunuzi kama milioni 16. Zikatolewa. Nyumba ile pia inatazama lami, nayo ikatolewa milioni 8, tofauti ambayo dalali aliiona kwenye mauzo ya viwanja vya lami na vya ndani. Haikuwa na kisima, ikaongezwa milioni 3. Jibu ni milioni 171.

Kwenye kisima mama alisita. "Milioni tatu? Mimi nimekichimba kwa tisa, mwanangu. Risiti ninayo."

Dalali hakubishana na risiti. Alimweleza kwamba wakati kisima kinachimbwa, bomba la DAWASA lilikuwa halijafika mtaani. Sasa limefika, na mnunuzi anakiona kisima kama akiba ya siku maji yanapokatika. Gharama humwambia mwenye nyumba alichotoa mfukoni mwake, lakini haimlazimishi mnunuzi kukirudisha. Kinachohesabiwa ni kiasi ambacho wanunuzi wameonyesha, kwa fedha zao, kwamba wako tayari kuongeza.

Nyumba ya tatu iliuzwa miezi minane iliyopita kwa milioni 134. Ilikuwa na hati, lakini haikuwa imekamilika: sakafu ya saruji tupu, haina dari, ukuta hakuna, kisima hakuna. Umaliziaji uliongezwa milioni 24, ukuta milioni 10, kisima milioni 3. Ikafika milioni 171.

Basi wana 166, 171 na 171. Mama alitaka zijumlishwe na kugawanywa kwa tatu, na hapo dalali akamtahadharisha. Nyumba ya kwanza ilisahihishwa mara moja tu, kwa milioni 16. Ya kona iligeuzwa kwa jumla ya milioni 27, na ya tatu kwa milioni 37, zaidi ya robo ya bei yake. Nyumba inayohitaji kusahihishwa sana inasema kidogo kuhusu yako, maana kila sahihisho lina makadirio ndani yake. Ndiyo maana aliipa ile ya kwanza uzito mkubwa, akasogea juu kidogo kwa ushahidi wa zile mbili, akaandika milioni 168. Hiyo ndiyo bei aliyotarajia nyumba iuzwe.

Na ile 178? Hiyo ni nafasi ya kupatana. Nyumba ya kwanza ilitangazwa kwa milioni 158 ikauzwa 150. Ya tatu ilitangazwa kwa 142 ikauzwa 134. Zote zilishuka kwa asilimia tano hadi sita, na wanunuzi wa eneo lile wameshazoea kushushiwa hivyo. Dalali aliongeza asilimia sita juu ya 168. Angeongeza zaidi, mnunuzi mwenye milioni 170 asingekuja hata kuiona. Hicho ndicho kilichompata jirani wa kona: miezi ya kwanza, watu wanapoikimbilia nyumba mpya sokoni, wenye fedha ya kutosha waliiogopa bei yake. Walipokuja baadaye, swali lao la kwanza lilikuwa kwa nini haijauzwa mpaka leo.

Hesabu hii ina mipaka yake. Haimfanyi dalali kuwa mthamini. Benki ikitaka dhamana, au mtu akidai fidia, inahitajika ripoti ya mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Tena hesabu huchakaa. Nyumba nyingine ikiuzwa mtaani kesho, karatasi inafunguliwa upya. Mahali ambapo hakuna nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni, kama jumba la ghorofa katikati ya vijumba vya vyumba viwili, njia hii haina cha kushika.

Udanganyifu nao una dalili zake. Yuko dalali anayetaja bei kubwa ili apewe kazi, kisha miezi miwili baadaye aanze kukubembeleza ushushe. Yuko anayekubali bei yako na kuwatangazia wateja nyingine, akijiwekea cha juu bila wewe kujua. Wote wawili hukwama kwenye jambo moja: hawana orodha ya nyumba zilizouzwa.

Kwa hiyo msomaji unayejiandaa kuuza, usimuulize dalali "itakwenda shilingi ngapi" ukaishia hapo. Mwombe akuonyeshe kwa maandishi nyumba tatu zilizouzwa karibu na yako ndani ya mwaka mmoja, tarehe ya kila uuzaji, bei iliyolipwa na nani aliyeithibitisha, kisha alichoongeza au kupunguza na sababu yake. Zitembelee nyumba hizo mwenyewe kabla hujatia saini ya kumkabidhi kazi.