Dola 286 Zilizomponza

Rafiki yangu alilala akiwa na dola 300 kwenye biashara ya bitkoini, akaamka hana kitu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba asubuhi ile bei ilikuwa juu kuliko pale aliponunulia. Usiku iliteremka, ikapumua, ikapanda tena. Kuhusu bei kupanda alibashiri sawasawa, ila yeye hakuwemo tena.

Alikuwa amenunua kwa bei ya 60,000, kwenye mikataba ya fyucha isiyo na tarehe ya mwisho. Alichagua Isolated, yaani dhamana iliyotengwa: zile dola 300 peke yake ndizo zinazobeba hasara, salio lake lingine haliguswi. Kisha akavuta leveraji hadi 20x, na dola 300 zikabeba mzigo wa dola 6,000, sawa na bitkoini 0.1. Hesabu yake ilikuwa ya kichwani. Moja gawanya kwa 20 ni asilimia 5, kwa hiyo mpaka bei ifike 57,000 yuko salama. Usiku ule iliishia 57,150.

Alichosahau ni kwamba soko halingoji dhamana iishe kabisa. Linataka wakati wote kibaki kiasi fulani cha chini, na kikishapungua, linakufunga kwa nguvu. Kiasi hicho hutofautiana kati ya soko na soko, na hupanda mzigo ukiwa mkubwa. Kwake kilikuwa asilimia 0.5 ya thamani ya mzigo. Kwa aliyenunua akitarajia bei ipande, hesabu ni hii:

```
P = E * (1 - 1/L) / (1 - m)
```

E ni bei uliyonunulia, L ni leveraji, m ni kile kiwango cha chini, na P ndiyo bei ya kufilisiwa. Ukiweka namba zake, 60,000 mara 0.95 ni 57,000. Gawanya kwa 0.995, unapata kama 57,286. Hapo ndipo ulipokuwa ukuta, dola 286 juu ya pale alipodhani.

Bei inayoangaliwa ni ile iliyoandikwa Mark Price, ambayo hukokotolewa kwa kutazama pia bei za masoko mengine, si ile ya muamala wa mwisho unayoiona ikirukaruka kwenye chati. Tena kuna malipo ambayo wanunuzi na wauzaji hulipana, mara nyingi kila baada ya saa nane. Yakikatwa kwenye dhamana yako, ukuta unakusogelea hata kama bei imetulia.

Lakini hata angepiga hesabu vizuri, 20x ilikuwa imembana mno. Fungua chati ya siku, chukua siku 14 zilizopita, kila siku toa bei ya chini kwenye bei ya juu, kisha tafuta wastani. Tuseme umepata asilimia 3.5 ya bei. Huo ndio mwendo wa kawaida wa soko, bila habari yoyote mbaya. Ukuta wa rafiki yangu ulikuwa asilimia 4.5 tu chini yake. Siku moja yenye pilika kidogo ilitosha.

Mimi huanzia upande wa pili, leveraji naiacha mwisho. Kwanza naamua nitajitoa wapi nikikosea: mara mbili ya mwendo wa siku, yaani asilimia 7, ambayo ni bei ya 55,800. Pili, niko tayari kupoteza kiasi gani? Tuseme dola 30. Gawanya 30 kwa 0.07, mzigo unakuwa kama dola 428. Ni mdogo, najua, na wengi hapo ndipo wanaponicheka. Baada ya hapo natafuta leveraji itakayoweka ukuta mbali kabisa na bei ya kujitoa. Kwa 6x dhamana ni kama dola 71, na bei ya kufilisiwa ni karibu 50,251, asilimia 16 chini. Bei ikiparamia agizo langu la kujitoa bila kupata mnunuzi, bado kuna nafasi.

Hata hiyo haizuii kila kitu. Tarehe 19 Mei 2021 bitkoini ilianza siku karibu na dola 43,000, ikagusa 30,000 siku hiyohiyo. Hapo 6x haisalimiki, na 3x inanusurika kwa shida.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kununua, andika kwenye karatasi bei mbili, ya kujitoa na ya kufilisiwa. Ukiona ya kufilisiwa ndiyo itakayoguswa kwanza, shusha leveraji au usiingie.