Saa ya Kwanza ya Maumivu ya Selimundu

Mtoto wa miaka 4 mwenye selimundu anafikishwa wodini usiku, mguu ameukunja, hataki uguswe. Chembe nyekundu zilizopinda kama mundu zimeziba mishipa midogo, na mfupa unakosa oksijeni.

Muuguzi mzuri hangoji majibu ya maabara ndipo aamini kwamba mtoto anaumwa. Anamwonyesha picha za nyuso. Mtoto anagusa ile inayolia, yaani 10 kati ya 10. Ana kilo 15, hivyo daktari anaandika mofini miligramu 1.5 kwenye mshipa, itolewe ndani ya dakika 30. Kosa la kawaida huja baadaye: dawa imeingia, hakuna anayerudi. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 apimwe tena maumivu, pumzi, usingizi na oksijeni. Akianza kukohoa, kuhema haraka au kuumwa kifua, daktari aitwe papo hapo.

Kabla ya kuruhusiwa, mama anafundishwa kupapasa bandama. Muuguzi anaviongoza vidole vyake chini ya mbavu za kushoto, ajue tumbo lilivyo siku ya kawaida. Bandama ikivimba ghafla na mtoto akapauka, au joto likifika nyuzi 38.5, asisubiri kupambazuke: ampeleke hospitali usiku uleule.